UZI: Kloridi ya asaili au asidi ya kaboksili kutengeneza amaidi? Nimepewa alama 3 kati ya 8

TawiLaNne (#1)

Wakuu, naombeni msaada. Zoezi la kemia ogania lilikuwa hivi: benzanilidi inaweza kutengenezwa kwa anilini na kloridi ya benzoili, au kwa anilini na asidi ya benzoiki. Linganisha njia hizo mbili, kisha eleza kwa nini ya kwanza ni ya haraka.

Nikajibu kwamba ioni ya kloridi huondoka kirahisi kwenye kaboni kuliko ioni ya hidroksidi, kwa hiyo mmenyuko unakwenda haraka. Karatasi imerudi na alama 3 kati ya 8. Pembeni msahihishaji ameandika: "Umeeleza mwisho wa safari. Mwanzo wake uko wapi?"

Nimeisoma mara kumi na sijaelewa anataka mwanzo gani.

---

Pipeti (#2)

Jibu lako liko sawa, msahihishaji kakuonea. HCl ina pKa ya karibu -7 na maji yana 15.7. Kloridi ikiachiliwa inakaa yenyewe kwa raha, hidroksidi ikiachiliwa inatafuta pa kurudi. Hiyo tofauti ya zaidi ya namba 20 inatosha kueleza kila kitu. Kakate rufaa.

---

MsomiWaUsiku (#3)

Rahisi sana. Chukua asidi ya benzoiki, weka kloridi ya thionili, chemsha taratibu na mrija wa kupoza juu yake. Gesi mbili zinatoka, HCl na SO₂, kwa hiyo fanyia ndani ya kabati la kutolea hewa. Ukimaliza, ondoa thionili iliyobaki kwa kuichemsha iende zake. Hapo kloridi yako iko tayari.

---

TawiLaNne (#4)

Asante @MsomiWaUsiku, ila hiyo ni namna ya kupata kloridi yenyewe. Mimi naulizwa kwa nini kloridi inaishinda asidi ikikutana na anilini.

---

MzeeWaMaabara (#5)

Kijana, kabla hujauliza nani anaondoka haraka, tazama kwanza kinachotokea kwenye chupa ya asidi pale amini inapoingia.

Amini ni besi. Ikikutana na asidi, kazi yake ya kwanza ni kuichukua protoni, na hiyo hufanyika papo hapo. Matokeo yake ni chumvi. Sasa waangalie wahusika wako. Naitrojeni ilikuwa na jozi huru ya elektroni ya kushambulia kaboni. Jozi hiyo imeshafungwa na protoni. Kaboni ilikuwa na njaa ya elektroni. Sasa pembeni yake kuna oksijeni mbili zinazogawana chaji hasi, na njaa imekwisha. Mshambuliaji hana silaha na mlango umefungwa.

Kloridi ya benzoili haina protoni ya kutoa. Anilini inafika na jozi yake mkononi na kaboni iko wazi. Nadhani huo ndio mwanzo uliokosekana.

---

Pipeti (#6)

Mzee, hilo ni la pembeni. Chumvi si sehemu ya mmenyuko wenyewe.

---

Mizania (#7)

@MzeeWaMaabara kwa heshima zote, maelezo yako ni sahihi kwa amini nyingi, ila siyo kwa anilini. Tuitazame kwa namba.

Asidi ya benzoiki ina pKa ya 4.2. Anilini iliyobeba protoni ina 4.6. Tofauti ni 0.4, yaani kipimo cha kuelekea upande wa chumvi ni kama 2.5 tu. Huo ni msawazo uliolegea. Wakati wowote kuna anilini nyingi ndani ya chupa ambayo jozi yake iko huru kabisa, na asidi nyingi ambayo haijapoteza protoni.

Badala ya anilini weka benzilamini, ambayo ikibeba protoni ina pKa ya 9.3. Tofauti inakuwa 5.1, na kipimo kinaruka hadi kama 126,000. Hapo ndipo hadithi ya mlango uliofungwa inakuwa kweli tupu.

Kwa hiyo TawiLaNne, ukiandika "inageuka chumvi yote" kwenye zoezi la anilini, unaweza kupoteza alama nyingine.

---

MzeeWaMaabara (#8)

@Mizania umenishika, na nimekubali. Naongeza jambo moja tu: namba hizo ni za ndani ya maji. Kwenye etha au kwenye anilini tupu hali ni nyingine, kwa sababu hakuna maji ya kuzituliza chaji.

Lakini hoja yako inalipa swali uzito zaidi. Kama anilini nyingi iko huru na asidi nyingi ni nzima, mbona ukizichanganya kwenye joto la kawaida ukazilaza hadi kesho hupati benzanilidi ya maana? Chumvi peke yake haitoshi kulijibu hilo.

---

Pipeti (#9)

Haitoshi kwa sababu hidroksidi haiondoki! Tumerudi kwangu.

---

JoziHuru (#10)

@Pipeti una nusu ya ukweli, na ni ile nusu ambayo TawiLaNne tayari ameandika.

Mmenyuko huu una hatua mbili. Kwanza naitrojeni inaishambulia kaboni ya kabonili, oksijeni inabeba chaji hasi, na kaboni inakuwa na matawi manne. Pili, kabonili inajirudishia umbo lake na kundi moja linatupwa nje. Wewe unazungumzia hatua ya pili pekee. Msahihishaji anauliza: ya kwanza je? Kundi halijaondoka bado, lakini tayari lipo pale na linaathiri namna kaboni inavyojisikia.

Linaathiri kwa njia mbili. Kwanza, klorini inavuta elektroni za kaboni kuelekea kwake. Pili, na hii ndiyo wengi wanaisahau, kundi la OH linarudisha. Oksijeni ina jozi huru, na obiti yake ya 2p inalingana kwa ukubwa na ile ya kaboni, kwa hiyo inaichangia kaboni elektroni kwa ukarimu. Klorini nayo ina jozi huru, ila ziko kwenye obiti ya 3p, kubwa na iliyotanuka, na haikutani vizuri na 2p ya kaboni. Klorini inachukua bila kurudisha, oksijeni inachukua na kurudisha.

Hata kwenye infraredi utaona alama zake. Kabonili ya kloridi ya asetili inasomeka karibu na 1800 cm⁻¹. Ya asidi ya asetiki ni karibu 1710. Kadiri pembeni wanavyochangia elektroni, ndivyo C=O inavyopungua ubavu na namba inavyoshuka.

---

Mizania (#11)

Tahadhari na hiyo 1710. Asidi za kaboksili hukaa wawili wawili zikishikana kwa vifungo vya hidrojeni, na kushikana huko nako kunaishusha namba. Ukitaka kulinganisha kwa haki tumia esta, ambayo haina hidrojeni ya kushikana. Ethili asetati iko karibu na 1740. Bado kloridi iko juu, ila pengo ni dogo kuliko ulivyoonyesha.

---

JoziHuru (#12)

Kweli kabisa. 1740 ndiyo ya kutumia.

---

FuweleNyeupe (#13)

Samahani kuingilia. Mnasema kloridi ni ya haraka, lakini yangu iligoma katikati.

Nilichukua gramu 1.4 za kloridi ya benzoili na gramu 0.93 za anilini kwenye etha kavu. Mara tu zilipokutana pakatokea kitu cheupe kizito, chupa ikapata moto, nikajua mambo yameiva. Nikachuja, nikaosha kwa maji mengi, na karibu nusu ya ule weupe ikapotelea kwenye maji. Nilipokausha nilibaki na gramu 0.9. Mmenyuko wa haraka unawezaje kuishia nusu?

---

Mizania (#14)

@FuweleNyeupe haukugoma, uliishiwa anilini.

Gramu 1.4 za kloridi ya benzoili ni moli 0.01, na gramu 0.93 za anilini ni moli 0.01 vilevile. Kwenye karatasi zinatoshana. Ila kila benzanilidi inapoundwa HCl moja inazaliwa, na HCl hiyo inaidaka anilini iliyo karibu na kuigeuza chumvi. Hii si asidi legevu kama ya benzoiki. HCl ikiishika anilini, hakuna msawazo wa kuzungumzia. Kwa hiyo kila molekuli moja ya anilini inayofanya kazi, nyingine inazikwa.

Ukomo wako ulikuwa moli 0.005 za benzanilidi, yaani gramu 0.99. Umepata 0.9. Umefanya vizuri sana! Weupe ulioyeyuka kwenye maji ndio chumvi ya anilini. Na nusu ya kloridi yako ilibaki kwenye etha uliyoichuja. Ilikuwa inawasha macho?

---

FuweleNyeupe (#15)

Iliwasha hadi nikalazimika kutoka nje. Nilidhani ni etha.

---

MzeeWaMaabara (#16)

Etha hailizi mtu hivyo. Hiyo ni kloridi ya benzoili, na ni mojawapo ya alama kwamba mmenyuko haujakamilika. Fanyia kwenye kabati la kutolea hewa, na glavu mkononi, maana anilini nayo hupenya ngozi na ni sumu.

Una njia mbili za kurekebisha. Ya kwanza, weka anilini moli mbili kwa kila moli ya kloridi na ukubali kuipoteza moja. Ya pili, ambayo mimi naipenda, ni ile ya Schotten na Baumann ya miaka ya 1880: mpe HCl mtu mwingine wa kumshika. Weka gramu 0.93 za anilini kwenye chupa yenye mililita 15 za NaOH ya asilimia 10. Ongeza kloridi ya benzoili kidogo kidogo, jumla kama mililita 1.2, na kila unapoongeza ziba na utikise kwa nguvu, huku ukifungua mara kwa mara. Ikipata moto ipoze kwenye maji. Endelea dakika 10 hadi 15, mpaka ile harufu kali iishe. Pima kwa litimasi uhakikishe bado ni besi, ndipo uchuje.

---

TawiLaNne (#17)

Mzee, hapo umenichanganya. Kama kaboni ya kloridi ina njaa kiasi hicho, mbona isiliwe na maji, au na hidroksidi yenyewe? Chupa imejaa maji.

---

MzeeWaMaabara (#18)

Swali zuri. Sehemu yake huliwa kweli. Lakini kloridi ya benzoili haiyeyuki vizuri kwenye maji, inakaa kama matone. Anilini nayo inapenda kukaa ndani ya matone hayo kuliko kwenye maji. Hidroksidi ni ioni na inabaki nje. Kwa hiyo wawili hao wanakutana chemba, na hidroksidi inasubiri mlangoni kuipokea HCl.

---

Pipeti (#19)

Mimi nilifundishwa kwamba sababu ni amini kuwa mshambuliaji bora kuliko maji, basi. Habari za matone sijawahi kuzisikia.

---

JoziHuru (#20)

Zote mbili zipo. Naitrojeni inaiachia jozi yake kwa urahisi kuliko oksijeni ya maji. Ila hidroksidi si maji, ni mshambuliaji mkali. Bila habari ya matone itakuwia vigumu kueleza kwa nini haishindi.

---

FuweleNyeupe (#21)

Na nitajuaje kama maji yamekula sehemu kubwa? Ile ya kwanza ilianza kuyeyuka kwenye 150 na kumaliza kwenye 158.

---

Mizania (#22)

Benzanilidi safi huyeyuka kwenye 163 °C. Ikianza mapema na kujivuta hivyo, kuna mgeni ndani, na mgeni wa kwanza wa kumshuku ni asidi ya benzoiki, ambayo yenyewe huyeyuka kwenye 122. Kagua pia chupa ya kloridi. Ukiona fuwele nyeupe zimegandamana kwenye mdomo wake, hewa yenye unyevu imeshaanza kuigeuza asidi.

Osha zao lako kwa mmumunyo wa bikaboneti ya sodiamu. Asidi inaingia kwenye maji kama chumvi na benzanilidi inabaki. Kisha osha kwa HCl iliyozimuliwa, kuondoa anilini iliyosalia. Malizia kwa kufanya fuwele upya kwenye ethanoli moto.

---

MsomiWaUsiku (#23)

Kwa hiyo tukubaliane: asidi ya kaboksili haitengenezi amaidi moja kwa moja. Lazima uipitishe kwenye kloridi kwanza, kama nilivyosema #3.

---

MzeeWaMaabara (#24)

Hapana, hapo tusikubaliane. Benzanilidi nimeitengeneza kwa asidi ya benzoiki na anilini bila kloridi yoyote. Unaweka anilini kwa wingi kupita kiasi, unapandisha joto hadi 180 au 190, na unaacha mvuke utoke kupitia mrija. Maji yanatoka, na anilini kiasi inatoka nayo maana inachemka kwenye 184. Kwa saa kadhaa unakaa unaangalia matone. Maji yakikoma kutoka, kazi imekwisha.

Asidi inaweza. Inataka joto na subira, na inataka maji yaondolewe ili mmenyuko usirudi nyuma. Kwa molekuli inayostahimili moto hiyo ni njia safi, mabaki yake ni maji tu. Kwa molekuli dhaifu, nyuzi 180 zinaiunguza kabla haijafika kokote. TawiLaNne, neno "linganisha" kwenye swali lako linataka na hili.

---

TawiLaNne (#25)

Nimejaribu kuandika upya:

"Kloridi ya benzoili humenyuka na anilini kwenye joto la kawaida kwa dakika chache. Asidi ya benzoiki huhitaji joto la karibu 180 na kuondolewa kwa maji. Kaboni ya kloridi ina upungufu mkubwa wa elektroni, kwa kuwa klorini inavuta na haichangii vizuri kama oksijeni, hivyo shambulio ni rahisi. Baada ya shambulio, kloridi huondoka kirahisi kuliko hidroksidi. Kwa asidi, sehemu ya amini hufungwa kama chumvi. Kwa anilini sehemu hiyo ni ya wastani, kwa amini zenye nguvu ni karibu yote. Njia ya kloridi hutoa HCl, hivyo huhitaji besi au amini moli mbili."

---

JoziHuru (#26)

Hapo umefika. Mimi ningeacha hivyo hivyo, shambulio likitangulia.

---

Pipeti (#27)

Mimi bado naliweka kundi linaloondoka mbele. Nipeni mfano mmoja ambapo mvuto wa elektroni na wepesi wa kuondoka vinapingana, tuone nani anashinda.

---

Nuru_Ya_Chupa (#28)

Nimekuwa nasoma kimya kimya tangu juzi. Mfano upo: floridi za asaili. Florini inavuta elektroni kuliko klorini, lakini floridi ni mbaya kuondoka, HF ina pKa ya karibu 3.2. Na kweli, floridi za asaili ni polepole kuliko kloridi. Zinavumilia hata maji kwa kiasi ambacho kloridi haiwezi.

---

Pipeti (#29)

Asante! Yamekwisha.

---

JoziHuru (#30)

Hayajaisha. Florini ina obiti ya 2p, inayolingana na ya kaboni. Inavuta, ila pia inarudisha, kama oksijeni. Kwa hiyo floridi inakuwa polepole hata kwa maelezo yangu ya hatua ya kwanza. Mfano huo unatupa ushindi sote wawili, kwa hiyo haumpi mtu yeyote.

---

Nuru_Ya_Chupa (#31)

Basi chukua mwingine. Weka kundi la methoksi upande wa pili wa pete, mkabala na kabonili. Methoksi inaichangia kaboni elektroni, kwa hiyo kwa hoja ya JoziHuru kloridi hiyo ingekuwa mvivu. Lakini kwenye maji mengi inamenyuka haraka kuliko kloridi ya benzoili ya kawaida. Maelezo yanayotolewa ni kwamba hapo klorini inaanza kuondoka kabla mshambuliaji hajafika sawasawa. Kama ni hivyo, ile hatua ya matawi manne tunayoichora kwenye kila zoezi huenda si lazima ipitiwe na kila kloridi.

---

JoziHuru (#32)

Hilo ni kwa maji, kiyeyusho kinachoziwezesha ioni kukaa. Kwa anilini ndani ya etha sioni klorini ikiondoka kwanza. Ila nakubali, mchoro mmoja hautoshi kwa vyote.

---

Mizania (#33)

TawiLaNne, hilo la #31 usiliandike kwenye zoezi la alama 8.

---

FuweleNyeupe (#34)

Nimerudia kwa NaOH kama Mzee alivyoelekeza, moli 0.01 kila upande. Nimepata gramu 1.6 baada ya kuosha, inayeyuka 161 hadi 163. Macho hayakuwasha mwishoni. Maji niliyochuja niliyatia HCl kwa udadisi, yakachafuka weupe, nikachuja na kukausha: gramu 0.15, inayeyuka karibu na 122.

---

Mizania (#35)

Safi sana. Gramu 1.6 kati ya 1.97 ni asilimia 81. Gramu 0.15 za asidi ya benzoiki ni kama moli 0.0012, yaani asilimia 12 ya kloridi ililiwa na maji. Jumla 93. Zilizobaki tafuta kwenye karatasi ya kuchujia na kuta za chupa.

---

Pipeti (#36)

Kwa hiyo anilini imeishinda hidroksidi karibu mara saba, na hidroksidi ilikuwa nyingi zaidi. @MzeeWaMaabara sasa nataka kujua: ukifanya hivyo hivyo bila kutikisa, hiyo 12 inapanda au inashuka?

---

MzeeWaMaabara (#37)

Sijawahi kuipima bila kutikisa. FuweleNyeupe ana vifaa mezani.